Gauni la kitenge kubwa kiunoni: nalipunguzaje bila kuharibu dati, mifuko na majua yake?

Mama Tausi, Mwanga

Habari za jioni wapendwa. Naomba mafundi mnisaidie kabla sijafanya uamuzi wa hasira.

Nina gauni la kitenge limekwisha shonwa, limepigwa ovaloki na zipu imo. Tatizo ni kiuno. Gauni kiunoni lina inchi 34, mimi nina 29 na nusu. Kifuani gauni lina 38, mimi 36. Hipsi 42 limekaa vizuri kabisa, pale sitaki liguswe.

Lina mshono wa kiuno unaounganisha bodi na sketi. Dati, ile mikunjo iliyoshonwa ya kubana mwili, mbele ziko mbili, nyuma mbili, na sketi nayo ina dati zake zinazokutana na za bodi, mstari mmoja. Kuna dati nyingine fupi inatoka ubavuni chini ya kwapa kuelekea kifuani. Zipu ni ya kuficha, katikati nyuma. Mifuko iko ndani ya mshono wa ubavu.

Kitenge chenyewe kina majua makubwa ya duara. Moja limekaa katikati ya tumbo sawasawa, na kwenye sketi mbele kuna mawili, kulia na kushoto, karibu na mshono wa ubavu. Ndiyo maana nilikipenda.

Fundi mmoja wa huku kwetu aliniambia ananipigia mshono mmoja kutoka kwapani hadi hipsi, dakika 10 nimeondoka nalo. Nikalichukua gauni langu nikarudi nyumbani. Sendofu ya mdogo wangu ni Jumamosi ijayo Ujiji.

Shabani wa Gungu

Dada mbona jambo dogo. Acha nafasi ya kupumulia inchi 1 na nusu, kwa hiyo unataka kiuno kiwe 31. Toa 31 kwenye 34, zinabaki 3. Mbavu ni mbili, kila ubavu inchi 1 na nusu. Geuza gauni, piga chaki inchi 1 na nusu ndani ya mshono wa zamani, shona. Hesabu ndiyo hiyo.

Bi Mwajuma, fundi, Ujiji

Shabani, hapo kwenye 31 uko sawa, kitenge hakivutiki na mtu lazima akae ale pilau. Lakini hiyo chaki yako itamfanya mwenzio aende sendofu na zipu wazi.

Ukishona inchi 1 na nusu ndani ya mshono wa zamani, unakula kitambaa cha mbele inchi 1 na nusu na cha nyuma inchi 1 na nusu. Ubavu mmoja umekula 3, mbavu mbili zimekula 6. Gauni limebaki 28 na yeye ana 29 na nusu. Mbavu ni mbili, lakini kingo za kitambaa ni nne, na unachogawa ni kwa nne. Inchi 3 kwa nne ni robo tatu ya inchi kutoka mshono wa zamani.

Shabani wa Gungu

Nilimaanisha inchi 1 na nusu nikiwa nimebana kitambaa juu ya mwili, mbele na nyuma pamoja. Ukibana hivyo ni sawa.

Bi Mwajuma, fundi, Ujiji

Hapo sawa, kama umepima kwa kuzunguka. Lakini uliandika chaki ndani ya mshono.

Nyota, Ipuli Tabora

Bi Mwajuma na mimi langu nisaidie, nimejifungua na gauni zangu zote zinanibana kiunoni. Nikifumua mbavu naweza kupata hata inchi 2?

Bi Mwajuma, fundi, Ujiji

Hongera mama. Wewe unaongeza, mwenzio anapunguza, ni kazi mbili tofauti. Geuza gauni uangalie akiba ya kitambaa iliyobaki nje ya mshono. Kama ni nusu inchi kila ukingo, ukiacha robo ya kushikilia mshono utapata inchi 1 tu kwa mzunguko wote. Na mstari wa zamani utaonekana, matundu ya sindano na rangi iliyopauka kando yake. Anayepunguza ana bahati, mstari wake wa zamani unaingia ndani. Anzisha mada yako hapa jukwaani, nitakuja huko.

Mama Tausi, nipe vipimo vitatu kabla sijasema kitu. Mdomo wa mfuko unaanza inchi ngapi chini ya kiuno na una urefu gani? Yale majua ya sketi, ukingo wake uko mbali kiasi gani na mshono wa ubavu? Na dati za nyuma ziko mbali kiasi gani na zipu?

Mama Tausi, Mwanga

Shikamoo Bi Mwajuma. Nimepima. Mdomo wa mfuko unaanza inchi 3 chini ya mshono wa kiuno, urefu wake inchi 6. Jua la kulia ukingo wake uko inchi 1 kutoka mshono, la kushoto pungufu kidogo ya inchi 1. Yote mawili yako usawa wa mfuko. Dati za nyuma ziko inchi 3 na nusu kutoka kwenye zipu.

Mwalimu Hawa, Kasulu

Kwa vipimo hivyo mimi nisingegusa mbavu kabisa. Majua yako yako ubavuni, mifuko iko ubavuni, dati ya kifua inaanzia ubavuni. Kila kitu unachokilinda kiko pale. Fumua zipu, punguza yote katikati nyuma. Nyuma nani anaangalia?

Bi Mwajuma, fundi, Ujiji

Marahaba Mama Tausi.

Mwalimu, Ujiji kwenye sendofu nyuma ndiko wanakoangalia. Nikitoa inchi 3 zote katikati nyuma ni inchi 1 na nusu kila upande wa zipu. Zipu ya kuficha inakubali kupinda kidogo, mimi siivushi nusu inchi kila upande. Ikipinda zaidi inafanya mawimbi na kichwa chake kinakwama pale kiunoni. Halafu dati za nyuma zinasogea karibu na zipu, zilikuwa inchi 3 na nusu zinabaki 2. Mshono wa ubavu nao unavutwa kuelekea nyuma, mifuko inafuata, unatafuta mfuko kwenye makalio.

Mama Tausi, sasa nakueleza ningelifanyaje mimi. Soma lote kwanza ndipo ushike kifumulio.

Inchi 3 zote kwenye mbavu haziwezekani kwako. Ni robo tatu kila ukingo, na una inchi 3 tu kabla ya kufika mdomo wa mfuko. Ukitoka robo tatu kiunoni ukarudi sifuri ndani ya inchi 3, mshono unapinda ghafla na hipsi inatoa kona. Kutoka kiunoni mpaka hipsi mwili una takriban inchi 8, na mstari wa kupunguza unatakiwa utumie urefu wote huo kushuka polepole.

Kwa hiyo gawa. Mbavu zitoe inchi 2, yaani nusu inchi kila ukingo. Dati mbili za nyuma zitoe inchi 1, kila moja nusu. Dati imekunjwa, kwa hiyo mstari wake mpya unasogea robo inchi tu kutoka wa zamani. Dati za mbele usiziguse. Zikinenepa zinavuta lile jua la tumboni kutoka pande zote mbili, duara linakuwa yai. Zikiachwa, na mbavu zikipunguzwa sawa kulia na kushoto, jua linabaki katikati.

Dati za nyuma unazipunguza juu na chini kwa kiasi kilekile, bodi robo na sketi robo, la sivyo ule mstari wake mmoja unakatika kiunoni. Ncha ya dati usiihamishe. Anza kiunoni na robo yako, punguza kidogo kidogo, mstari mpya uungane na wa zamani kabla ya ncha. Mishono mitatu minne ya mwisho itembee ukingoni kabisa mwa mkunjo, na pale usirudishe cherehani nyuma, acha nyuzi ndefu ufunge fundo kwa mkono.

Ili ufanye hivyo lazima ufungue mshono wa kiuno. Si wote. Fungua kuanzia kando ya dati ya nyuma, upite ubavuni, uende inchi 2 upande wa mbele. Kulia hivyo, kushoto hivyo. Zipu haiguswi, na hiyo ndiyo sababu nilikuuliza umbali wake. Yule fundi wa dakika 10 angepita juu ya mshono wa kiuno bila kuufungua. Pale kitambaa kimekunjwa mara kadhaa, mguu wa cherehani unapanda, tabaka la juu linasukumwa, na mshono wa kiuno wa mbele haukutani tena na wa nyuma.

Mama Tausi, Mwanga

Nafuata. Na mfuko? Huo ndio unaninyima usingizi.

Bi Mwajuma, fundi, Ujiji

Mfuko watu huukosea kwa njia mbili. Wa kwanza anapitisha mshono juu ya mdomo, ameuziba. Wa pili anaogopa kuuziba, anashona mpaka juu ya mdomo, anaruka, anaendelea chini. Mshono umeingia ndani lakini mdomo umebaki pale pale, unatokeza ubavuni kama sikio.

Mstari wako uwe hivi. Kiunoni nusu inchi. Ukifika mwanzo wa mdomo wa mfuko, inchi 3 chini, umebaki na theluthi ya inchi. Unaendelea kupungua ukiwa kwenye mdomo wenyewe, na mwisho wa mdomo, inchi 9 kutoka kiunoni, uko sifuri. Hipsi zako zinabaki karibu vilevile, na majua hayafikiwi, kwa sababu usawa ule unakula theluthi kushuka chini na jua lina karibu inchi nzima.

Maana yake mfuko lazima usogee na mstari. Fumua kitambaa cha mfuko pale kinaposhikana na sketi, ukingo wa mbele na ukingo wa nyuma, mdomo wote. Chini ambako ni sifuri acha kishikilie. Kama juu mfuko umeshikwa na mshono wa kiuno, ufungue na pale pia. Ulaze tena kwenye mstari mpya wa chaki, ukingo mmoja mmoja, piga pasi, ndipo ufunge ubavu juu ya mdomo. Pale mdomo unapoanza na unapoishia rudisha cherehani mara mbili tatu, ndipo panapochanika mtu akiingiza mkono.

Kifuani unatoa inchi 1 tu ibaki 37, hiyo ni robo kila ukingo. Mstari wa ubavu uanzie kwapani na robo, ufike kiunoni na nusu. Mkono unao? Kama upo, ile robo iingie mkononi na kufifia kabla ya kiwiko. Ukipunguza mwili bila mkono, kwapa linakunja.

Mama Tausi, Mwanga

Mkono upo, robo tatu.

Deo wa Kibirizi

Mimi si fundi wa magauni, nashona mashati. Nauliza, kwa nini asilivae ndani nje, mtu ambane kwa pini huku na huku, basi? Hesabu zote hizi za nini? Mashati yangu nafanya hivyo.

Bi Mwajuma, fundi, Ujiji

Deo, pini ni nzuri na Mama Tausi atazihitaji. Lakini ukivaa ndani nje, ubavu wa kulia wa gauni umekaa kwenye ubavu wako wa kushoto. Mwenye hipsi moja iliyopanda, na wengi tuko hivyo, anapunguziwa upande usio wake. Kwenye shati pana halionekani.

Deo wa Kibirizi

Nimepata mteja mmoja bega moja liko chini, sasa naelewa kwa nini shati lake lilinirudia.

Mwalimu Hawa, Kasulu

Mimi bado nalivaa ndani nje, na wateja wangu wanashukuru. Ukivaa upande sahihi utabana pini nje, halafu lazima uhamishie alama ndani, na pale ndipo watu wanapoteza robo inchi. Kila njia ina kosa lake. Bi Mwajuma, kubali tu.

Bi Mwajuma, fundi, Ujiji

Kila njia ina kosa lake, sikatai. Kwa gauni hili lenye majua mimi nabana nje, kwa sababu nataka kuliona jua likisogea wakati nabana. Ukilivaa ndani nje umelificha.

Shabani wa Gungu

Na ile dati ya kifua inayotoka ubavuni? Mshono unaila. Si itakuwa fupi?

Bi Mwajuma, fundi, Ujiji

Swali zuri Shabani. Ncha yake haihami, iko palepale kifuani. Inachopoteza ni upande wa kwapani, robo inchi kwenda theluthi hivi. Lakini dati ni nene ubavuni na nyembamba kwenye ncha, kwa hiyo ukiingia ndani unakutana nayo ikiwa nyembamba kidogo, na ubavu wa mbele unakuwa mrefu kuliko wa nyuma kwa uzi mbili tatu. Kwa robo hiyo unaugawa kwa vidole, hauonekani. Ukiona mtu ametoa inchi nzima pale, ndipo unaona kitambaa cha mbele kimejaa chini ya kwapa. Hapo inabidi dati ifumuliwe ishonwe upya.

Mama Tausi, jambo la mwisho kabla ya cherehani. Piga bandi kwa mkono, mishono mirefu ya muda, mbavu zote na dati zote, uzi wa rangi nyingine. Cherehani inavuta tabaka la chini haraka kuliko la juu, na kwenye kitenge chenye michoro utaona mchoro wa mbele umeshuka kuliko wa nyuma. Anza kushikiza kwenye mshono wa kiuno, ukutane mbele na nyuma sawasawa, halafu nenda juu, halafu rudi kiunoni uende chini. Mbavu zote mbili zishonwe kwa mwelekeo mmoja. Ukianza moja kwapani na nyingine kwenye hipsi, gauni linajipinda.

Livae na bandi zake. Kaa kwenye kigoda, inua mikono, inama. Mikunjo ya kulala kiunoni ni dalili ya kubana. Mikunjo ya mshazari kutoka mfukoni kwenda kiunoni ni dalili kwamba mstari umeshuka haraka mno. Mdomo wa mfuko ukijifungua wenyewe umesimama, umepunguza hipsi bila kujua.

Mama Tausi, Mwanga

Nimerudi. Nimefanya mwenyewe kwa cherehani ya mama ya miguu, jirani akanibana pini nikiwa nimevaa upande sahihi. Kiuno kimekaa 31. Mifuko imelala. Jua la tumbo liko katikati, nimepima kwa tepu kutoka mbavu zote mbili.

Mambo mawili. Dati ya nyuma ya kulia, ncha ya juu imefanya kijipovu, ya kushoto haina. Na kiunoni ubavuni kwa ndani kitambaa kimekuwa kinene, kwa nje naona mkunjo mdogo unavuta hata gauni likiwa limetundikwa.

Bi Mwajuma, fundi, Ujiji

Kijipovu ni kwamba upande wa kulia mstari wako mpya ulikutana na wa zamani kwa kona badala ya kuteleza. Fumua inchi 2 za mwisho tu, piga chaki upya iwe ndefu na nyembamba kuliko ya kwanza, shona. Halafu pasi juu ya kitambaa chenye unyevu, gauni likiwa limelazwa kwenye mto mgumu. Kama ni pasi ya mkaa ipulizie nje kwanza, majivu.

Mkunjo wa kiunoni ni akiba ya kitambaa. Hukukata kitu, sivyo? Ulikuwa na nusu inchi, sasa una inchi nzima na ovaloki ukingoni. Kiunoni mshono unapinda kuingia ndani, ukingo unatakiwa utanuke ili ulale, na ovaloki haiuachi. Kata vidokezo vitatu vinne pale kiunoni, juu na chini ya mshono wa kiuno, viishie kama uzi mbili tatu kabla ya mshono. Usivuke.

Mwalimu Hawa, Kasulu

Au apunguze akiba yote ibaki nusu inchi apige ovaloki upya, ilale vizuri.

Bi Mwajuma, fundi, Ujiji

Akipunguza hatarudisha tena. Ana miaka mingapi, atazaa, atanenepa. Mimi namwachia.

Mwalimu Hawa, Kasulu

Inchi nzima ya kitenge kizito ubavuni inaonekana nje mtu akitembea. Namwonea huruma.

Mama Tausi, Mwanga

Nimekata vidokezo, mkunjo umekwisha upande wa kushoto. Kulia bado kidogo, nadhani nimeviacha vifupi. Akiba nimeiacha kwanza, nitaamua baada ya sendofu. Ncha ya dati naishona kesho mchana kwenye mwanga.

Nyota, Ipuli Tabora

Bi Mwajuma nimeanzisha mada yangu. Akiba yangu ni robo inchi tu, na ovaloki imekula nusu yake.